Ombi la Chakula cha Siri cha Maadhimisho ya Ndoa, Jumamosi Tarehe 9 Agosti 2025

Kwa Meneja,

Salamu kutoka Milimani. Ninaandika kuthibitisha yale tuliyozungumza nilipofika mkahawani kwenu Dunga, na kuyaeleza kwa kirefu ili kila mhudumu atakayekuwa zamu jioni hiyo ajue la kufanya. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2000, kwa hivyo mwaka huu tunatimiza miaka 25. Siku yenyewe itakuwa Jumanne, naye anatarajia kwamba tutakwenda kanisani asubuhi na kurudi kazini. Ndiyo sababu nimechagua Jumamosi inayotangulia, kwa kuwa hatakuwa na shaka yoyote.

Anachojua ni kwamba tunakuja kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu. Naomba basi jina langu lisiandikwe kwenye ubao wa mlangoni, na atakayetupokea aseme tu, "Karibuni, wanakamati wenzenu wako upande wa ziwani." Hata pongezi zisitolewe getini. Mkiwa na jambo la kuniuliza kabla ya siku hiyo, tafadhali niandikieni ujumbe kwenye nambari yangu ya simu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, ninapokuwa kazini, wala msinipigie jioni, kwa sababu tukiwa garini yeye ndiye hupokea simu yangu.

Wageni wengine watafika kuanzia saa kumi na moja na nusu, na ningependa wote wawe wameketi ifikapo saa kumi na mbili jioni. Magari yao yaelekezwe nyuma ya jengo, hasa pikapu nyeupe ya shemeji yangu, ambayo mke wangu ataitambua hata akiwa mbali. Sisi wawili tutafika saa kumi na mbili na nusu. Msimu huu jua huzama Kisumu yapata saa moja kasoro dakika kumi, na nimepanga hivyo makusudi ili awe na muda wa kuwasalimu watu na kuketi kabla jua halijaingia majini. Kiti chake kielekee magharibi, bila nguzo wala mwavuli mbele yake.

Tafadhali asipigiwe kelele za ghafla. Mke wangu ni muuguzi, na mara nyingi amenieleza kwamba kelele za kushtukiza humrudisha wodini. Wageni wataendelea kuketi, naye aliyekuwa msimamizi wake wa arusi ndiye atakayeinuka kwanza na kumkumbatia. Hilo litatosha kabisa. Muziki uwe wa chini mpaka hapo, na usibadilishwe kuwa wa kucheza hadi baada ya keki.

Kuhusu kuketi, ambako ndiko naomba uangalifu zaidi, tutakuwa watu 16 katika meza mbili. Meza ndefu iwe ya watu 11: sisi wawili, watoto wetu watatu, shemeji yangu na mkewe, dada yangu na mumewe, pamoja na wasimamizi wetu wawili wa arusi. Meza ya pili, ya mviringo, iwe ya mama mkwe wangu, dada yake atakayemsindikiza kutoka Bondo, shemeji yangu mdogo na wajukuu wawili. Kwa heshima ya kwetu, mimi na mama mkwe hatuli tukitazamana wala hatuketi bega kwa bega, kwa hivyo naomba wahudumu wasiziunganishe meza hizo kwa nia njema ya kutukusanya pamoja. Hata hivyo, asiwekwe mbali kana kwamba ametengwa: meza yake iwe upande wa mke wangu, hatua chache tu, ili mama na bintiye waweze kuzungumza. Anatembea kwa mkongojo na hawezi kupanda ngazi, basi apitishwe njia ya bustani na apewe kiti chenye mikono ya kuegemea. Yeye na meza yake wahudumiwe kwanza.

Chakula kiwe kile tulichochagua: ngege wa mchuzi, kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na wa mahindi, wali, osuga na sukuma wiki, na chipsi kwa watoto. Mjukuu mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka 8, hudhurika vibaya sana akila njugu, hata kidogo. Naomba mpishi mwenyewe ahakikishe kwamba mboga haziungwi kwa njugu, kwamba mafuta na miiko iliyogusa njugu haitumiki kwa vyakula vyetu, na kwamba mwokaji amepewa onyo hilo hilo. Shemeji yangu ataomba dua fupi saa moja na dakika tano, kisha chakula kiletwe.

Keki iwe ya matunda, ya kilo tatu, kama ile tuliyokata mwaka 2000, yenye krimu nyeupe kidogo tu kwa kuwa mke wangu hapendi utamu uliokithiri. Iandikwe kwa rangi ya kijani, "Asante, Mama Akinyi, 2000–2025." Ikae ndani, imefunikwa, hadi saa mbili usiku, maana upepo wa ziwani na wadudu wanaofuata mwanga wanaweza kuiharibu. Iletwe na binti yetu mkubwa, mhudumu akimfuata na kisu na visahani. Mama mkwe ana ugonjwa wa kisukari, kwa hivyo wakati huo huo aletewe sahani ya papai iliyopangwa vizuri, asije akabaki mikono mitupu watu wote wanapolishana keki.

Jambo moja la mwanga. Tulioana mwaka wa ukame na mgao wa umeme, na karamu yetu ilimalizikia kwenye mwanga wa karabai. Watu waliokuwepo wanakumbuka jioni ile kwa furaha hadi leo. Giza likiingia, naomba taa kubwa zilizo juu ya meza zetu zizimwe na badala yake ziwekwe taa ndogo za vioo mezani, na taa ya njiani iachwe ikiwaka kwa ajili ya mama mkwe. Maputo na mapambo ya plastiki hayatahitajika.

Mvua ya jioni ikitishia, naomba uamuzi ufanywe kufikia saa kumi alasiri, na meza zihamishiwe ukumbi wa chini penye madirisha ya ziwani, kwa mpangilio ule ule. Msizipeleke ukumbi wa juu hata ukiwa mzuri zaidi, kwa sababu ya ngazi.

Kwa bei mliyonipa, chakula ni shilingi 1,800 kwa kila mtu, yaani 28,800, na keki ni 7,500, jumla 36,300. Leo mchana nitatuma nusu, shilingi 18,150, kwa M-Pesa kupitia nambari yenu ya malipo, na salio nitalilipa Ijumaa tarehe 8, ili bili isiletwe mezani. Risiti zote mbili ziwekeni hapo ofisini, nitazichukua Jumatatu.

Naomba mnijibu kwa maandishi kufikia Alhamisi tarehe 31 Julai, mkinitajia mhudumu atakayesimamia meza zetu na kama mwokaji ameikubali keki bila njugu. Hilo la njugu likiwa gumu kwake, niambieni mapema nitafute mwokaji mwingine mjini.

Wenu mwaminifu,
Baba Akinyi
Kisumu, 28 Julai 2025