Tathmini ya Andiko Dhana: Nishati Safi ya Kupikia na Mama Lishe wa Dar es Salaam

Kwa: Mwanafunzi wa Shahada ya Umahiri, Masomo ya Maendeleo
Kutoka: Msimamizi
Nakala: Mratibu wa Masomo ya Uzamili
Dar es Salaam, 3 Novemba 2026

Mada iliyowasilishwa: "Tathmini ya Athari za Nishati Safi ya Kupikia kwa Afya, Uchumi na Mazingira ya Wanawake Mkoani Dar es Salaam"

Uamuzi: Andiko lirekebishwe na kurudishwa kwangu kabla ya Ijumaa, 13 Novemba, ili liingie kwenye kikao cha idara cha tarehe 20. Eneo la utafiti linakubalika. Kichwa, tamko la tatizo na mawanda havijakubalika.

Ndugu yangu,

Katikati ya ukurasa wa nne, ndani ya aya inayohusu mbinu, umeandika hivi: "Katika ziara ya awali niliona wengi wana mtungi wa gesi chini ya meza, lakini maharage yanachemka juu ya mkaa." Kisha ukaendelea na habari za hojaji kana kwamba hujasema kitu. Sentensi hiyo ndiyo tasnifu yako. Karibu kila marekebisho ninayokuomba hapa yana kazi moja: kuitoa huko ilikojificha na kuiweka ukurasa wa kwanza.

Tatizo

Tamko lako la tatizo lina aya nne. Ya kwanza inataja makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwamba moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ya pili inalalamikia ukataji wa misitu. Ya tatu inaeleza Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 na lengo lake la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ya nne inataja katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, halafu inamalizia: "Hivyo utafiti huu ni muhimu."

Sina ugomvi na taarifa hizo. Ugomvi wangu ni kwamba nimemaliza aya zote nne bila kujua ni jambo gani hatulijui. Mkaa kudhuru mapafu ni tatizo la jamii, tena kubwa, lakini hilo tayari linajulikana na wewe mwenyewe umelitolea ushahidi. Tatizo la utafiti huanza pale mambo yanapokwenda kinyume na yalivyotarajiwa, na maelezo tuliyonayo hayatoshi kueleza kwa nini. Uliyoyaona sokoni yana sifa hiyo. Kugawa mitungi na kuhamasisha watu wainunue kunategemea imani kwamba mwenye mtungi atapikia gesi. Wewe umekutana na wanawake wenye mtungi ambao hawajauacha mkaa. Hawakukosa gesi, wala hawakukosa elimu ya madhara ya moshi, maana wao ndio wanaofikicha macho kutwa. Kuna hesabu wanayoifanya kila alfajiri ambayo hatujaisikia.

Ukiifuata hesabu hiyo, utaona mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa pesa ya mauzo ya jana. Kujaza mtungi kunataka fedha nzima kwa mkupuo. Maharage yanakaa motoni saa kadhaa. Chai na mayai ni dakika chache. Sufuria ya wali ya watu 50 haikai vizuri juu ya kichomeo cha mtungi wa kilo 6. Na mtungi ni mali ya kuibiwa. Jiko la mkaa hata ukiliacha kibandani usiku halimsumbui mtu. Haya ni makisio yangu kutokana na kula kwa mama lishe miaka mingi. Usiyaingize kwenye andiko kama matokeo. Nayataja ili uone utajiri uliomo kwenye sentensi yako moja.

Rekebisha pia matumizi ya lile katazo. Umeliandika kana kwamba linamlazimu mama lishe, ilhali lilielekezwa kwa taasisi. Mjumbe mmoja wa kikao akiligundua hilo, ataanza kuitilia shaka kazi nzima.

Kwenye mapitio ya maandiko, tabia ya kutumia nishati zaidi ya moja kwa wakati mmoja imeandikwa sana, na usijidai kuigundua. Lakini tafiti nyingi nilizozisoma zinahusu jiko la nyumbani. Jiko la mama lishe ni biashara: chakula kikichelewa kwa nusu saa, wateja wamehamia kwa jirani. Pengo lako liko hapo. Nioneshe kwa maandiko matano au sita kwamba kweli ni pengo, na kama utakuta mtu ameshaliziba, nipigie simu siku hiyo hiyo tugeuze swali.

Ili tuelewane, tamko la tatizo ninalolitarajia lina urefu na umbo hili. Usilinakili, andika la kwako:

"Mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na juhudi nyingi zimeelekezwa katika kuwafikishia watu majiko na mitungi. Hata hivyo, baadhi ya mama lishe wanaomiliki mitungi ya gesi wanaendelea kupikia mkaa vyakula vyao vikuu. Maandiko yaliyopo yanaeleza zaidi matumizi ya nishati katika kaya kuliko katika biashara ndogo za chakula. Kwa hiyo haijaeleweka vya kutosha ni kwa namna gani mama lishe anaamua chakula gani akipikie nini, na nini kinamrudisha kwenye mkaa."

Lengo

Lengo kuu linasema "kutathmini athari". Ili upime athari za gesi, lazima uwe na watu walioanza kuitumia, ujue hali yao ilikuwaje kabla, na uwe na wa kuwalinganisha nao. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe wengi hawajahama. Basi athari unayotaka kuipima bado haijatokea. Badilisha kitenzi: unataka kueleza namna mama lishe wenye mitungi wanavyochagua nishati na sababu za uchaguzi huo.

Malengo mahususi sita ni mengi. La afya ya mapafu liondoke. Lingehitaji vifaa vya kupima moshi na pumzi, kibali cha maadili ya tafiti za afya, na mtu wa fani hiyo kwenye jopo lako. Huna hata kimoja. La misitu nalo liondoke, kwa sababu mkaa unaouzwa Dar es Salaam unachomwa mbali na hapa, na mpishi wa Mabibo hawezi kukupa ushahidi wa hali ya misitu ya Pwani au Morogoro. "Kutoa mapendekezo kwa serikali" si lengo la utafiti. Mapendekezo yatatoka kwenye matokeo, kama matokeo yatayaruhusu. Yabaki matatu: chakula gani kinapikiwa nini na saa ngapi, gharama na mzunguko wa fedha unaoambatana na kila nishati, na maelezo ya wapishi wenyewe kuhusu sababu za kurudi kwenye mkaa. Chini ya kila moja andika swali lake na taarifa itakayolijibu. Lengo lisilopata taarifa ya kulijibu, lifute.

Mawanda

Hapa ndipo nina wasiwasi zaidi, kwa sababu udhaifu wa mawanda hauonekani mezani. Unaonekana mwezi wa pili wa uga, fedha zikiwa zimekwisha.

Umechukua wilaya zote tano na sampuli ya watu 400, uliyoipata kwa kuingiza idadi ya wakazi wa mkoa katika Sensa ya 2022 kwenye fomula hii:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 5,383,728 / (1 + 5,383,728 × 0.0025) ≈ 400
```

Hesabu ni sahihi, ila imejibu swali ambalo hukuliuliza. Watu 5,383,728 ni wakazi wote wa mkoa, wakiwemo watoto wachanga. Kundi lako lengwa ni mama lishe wenye mitungi. Isitoshe, weka 20,000 mahali pa N uone: utapata 392. Ukikubali kosa la asilimia 5, fomula hii itakuletea karibu 400 kwa kundi lolote kubwa, liwe la mama lishe, la bodaboda au la wavuvi wa Feri. Halafu inachukulia kwamba utawachagua watu kwa nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Orodha hiyo iko wapi? Andiko halisemi.

Utekelezaji nao unagoma. Hojaji 400 kwa wiki sita, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya 13 kwa siku. Umekadiria dakika 45 kwa kila moja: hizo ni saa kumi za mahojiano bila kuhesabu foleni ya kutoka Mbagala kwenda Tegeta, na umeandika utafanya peke yako.

Pendekezo langu: soko moja. Mabibo, kwenye soko la ndizi ambalo wenyeji wanaliita Mahakama ya Ndizi, kuna wapagazi, madereva wa malori na wachuuzi wanaokula mapema, na wewe umeshafika huko. Fanya mahojiano ya kina na mama lishe 25 hadi 30 wenye mitungi, kisha chagua watano ukae nao siku nzima kuanzia wanapowasha moto alfajiri, ukiandika kila sufuria iliwekwa juu ya nini, kwa muda gani. Ongeza wauza mkaa na mawakala wa gesi wachache wa hapo hapo. Hutaweza kuisemea Dar es Salaam yote. Utaweza kueleza kwa kina jinsi uamuzi unavyofanyika, na hilo ndilo swali lako.

Ratiba ihamishwe. Umepanga uga Februari na Machi 2027, lakini Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, kwa kutegemea mwandamo, na biashara ya chakula cha mchana hubadilika sana kipindi cha mfungo. Anza katikati ya Januari, simama wakati wa mfungo unukuu mahojiano, urudi baada ya Idi. Maana yake barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa iombwe Novemba hii hii. Ikitoka hapo bado ina safari ya wilaya, kata na mtaa.

Jambo moja la maadili andiko halijaligusa. Mama lishe wengi wamewahi kuhamishwa au kudaiwa ushuru, na mgeni mwenye karatasi na kalamu anafanana na afisa. Chukua kibali cha mtendaji, lakini usiende vibandani ukiwa umeongozana naye. Usiwahoji saa za wateja. Na usipige picha ya kibanda wala mtungi kabla ya kuomba ruhusa.

Kichwa kipya kifupishwe kifuate haya. Mimi ningeanza na "Kwa Nini Mkaa Bado Unawaka: Uchaguzi wa Nishati kwa Mama Lishe Wenye Mitungi ya Gesi katika Soko la Mabibo", lakini cha kwako kikiwa bora nitakipokea.

Nirudishie kurasa zisizozidi tatu: tatizo, lengo na maswali, mawanda na ratiba. Kiunzi cha nadharia kisubiri pendekezo kamili. Alhamisi hii niko ofisini kuanzia saa nane mchana. Njoo na daftari la ile ziara yako ya awali, nataka nisome uliyoyaandika siku ile kabla hujayageuza kuwa lugha ya andiko.

Msimamizi wako