Alama Nyuma ya Daftari

Katika kidato cha pili, mkondo wa B, kila mwalimu aliyeingia darasani alianza kwa kumtafuta Mabula kwa macho. Wengine walimtafuta ili wamhamishie dawati la mbele. Wengine, hasa wale wa vipindi vya mchana, walimtafuta kwa kuwa walijua kwamba bila yeye nusu ya darasa ingesinzia. Alikuwa na miaka 15, mrefu, shati lake limepauka kwa jua la Igombe, na maneno hayakumpiga chenga hata siku moja. Alipoulizwa maana ya mmomonyoko, alisimama kwa adabu zote akajibu kwamba ni kile kinachoyapata maharage ya shule tangu yanapotoka kwenye sufuria mpaka yanapofika kwenye sahani yake. Darasa lilivunjika mbavu. Alipoamriwa kupiga magoti mlangoni, aliwaamkia wote waliopita, mmoja mmoja, kana kwamba ameajiriwa pale kuwa mlinzi.

Mwalimu Nyamizi, aliyefundisha jiografia, ndiye aliyetambua kwamba mzaha huo ulikuwa na majira yake. Kila mwezi kulikuwa na siku kadhaa ambazo Mabula hakumchekesha mtu: alinakili kazi yote ya ubaoni, aliuliza maswali ya maana, na wakati mwingine alilala kichwa juu ya dawati usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo. Kisha mizaha ilirudi, kwa fujo kuliko mwanzo. Mwalimu alikuwa mtu wa Shinyanga, hakukulia ziwani, kwa hiyo hakuweza kuunganisha mambo hayo hadi jioni moja alipokwenda kununua dagaa na kuambiwa kwamba bei imepanda kwa sababu ni mbalamwezi. Muuzaji alimweleza kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta waje juu. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, na mitumbwi mingi hupumzika. Mwalimu Nyamizi alisimama pale na kopo lake la dagaa mkononi, akamkumbuka mwanafunzi mmoja ambaye baba yake alikuwa mvuvi.

Hakumwambia neno. Mtoto anayejificha, ukimfunua kwa pupa, atatafuta maficho ya mbali zaidi, na Mwalimu Nyamizi alilijua hilo.

Wiki mbili baadaye, usiku wa giza, upepo ulivuma kiasi cha kung'oa mabati ya kibanda cha mama ntilie karibu na mwalo. Asubuhi Mabula alifika shuleni akiwa amelowa hadi magotini. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshaigiza namna mwalimu wa zamu alivyokimbiza mwavuli wake, na wenzake walicheka hadi wakashika madawati. Neema, aliyekaa naye dawati moja, ndiye peke yake aliyeona kwamba mkono wake wa kushoto haukutoka chini ya dawati, na kwamba ulikuwa umeshikilia daftari la jiografia kwa nyuma, ukurasa wa mwisho.

Kwenye ukurasa huo kulikuwa na vistari vya kalamu ya bluu, vimepangwa safu kwa safu. Kila kistari kilikuwa kimekatwa na kingine cha mlazo, isipokuwa cha mwisho. Neema aliwahi kudhani kwamba anahesabu madeni ya maandazi.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha jiografia. Mwalimu Nyamizi alianza kwa Kiingereza, kama sekondari inavyodai, lakini alipoona nyuso zimeganda akahamia Kiswahili. Alichora Ziwa Viktoria ubaoni, akaandika kwamba eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000, kisha akauliza ni kwa nini dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku.

"Mwalimu," alisema Mabula kabla hajaruhusiwa, "mchana zinaogopa kutozwa ushuru pale mwaloni."

Darasa lililipuka. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, wala hakumtoa nje. Alieleza taratibu, akichora mishale: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo hugeuka, ukitoka Mwanza, ukitoka Musoma, ukitoka Bukoba, wote ukielekea katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda juu na kujenga mawingu ya radi.

"Kwa hiyo," aliuliza Mabula, na safari hii sauti yake ilikuwa nyembamba, "dhoruba iko kule kule wanakokwenda."

Wawili watatu walicheka kwa mazoea, wakanyamaza.

"Ndiyo," alisema mwalimu. "Mara nyingi iko kule kule."

Mabula alifungua mdomo atie neno jingine la kuchekesha. Neno halikuja. Neema alilivuta daftari polepole juu ya dawati, akaweka kidole chini ya kile kistari kisichokatwa, akamtazama. Mabula hakulinyang'anya.

"Baba hajarudi," alisema. "Nimepita mwaloni alfajiri. Mtumbwi wao haupo."

Mwalimu Nyamizi aliweka chaki chini, akamwachia kiongozi wa darasa kipindi, akatoka na Mabula hadi ofisini. Hakumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa, kwa sababu hakujua. Alimpigia simu mjomba wake Neema, aliyekuwa katibu wa kikundi cha ulinzi wa mwalo, naye akasema kwamba mitumbwi mitatu imejibanza kisiwa cha Bezi tangu usiku wa manane. Majina ya waliomo hayajafika. Saa nne Mabula aliruhusiwa kwenda kusubiri. Neema aliomba kumsindikiza, akaruhusiwa.

Mtumbwi uliingia saa saba mchana, ukivutwa na mwingine kwa kamba, injini yake imeingia maji. Baba yake alishuka, amevaa fulana peke yake, midomo imepauka kwa baridi. Alipomwona mwanawe alitabasamu kwa upana.

"Dagaa wanakusalimu," alisema. "Wamesema leo wana mkutano, tuwafuate kesho."

Wavuvi wenzake walicheka, kicheko kile kile cha darasani. Mabula hakucheka. Aliijua njia hiyo, maana baba yake ndiye aliyemrithisha.

"Shikamoo, baba. Usiku kucha niliogopa," alisema. "Kila usiku wa giza huwa naogopa."

Baba yake alitazama ziwani, kisha akawatazama wenzake waliokuwa wanatoa taa mtumbwini, akashusha sauti.

"Marahaba. Hata mimi, mwanangu. Jana niliogopa sana."

"Mna majaketi okozi mangapi?"

"Mawili. Tuko wanne."

"Basi mwambie tajiri hamtoki mpaka aongeze mawili."

"Tajiri atakuja juu. Atasema watu wa kuvua wako wengi."

"Na aje juu," alisema Mabula. "Nitakwenda na wewe kumwambia."

Baba yake alikaa kimya kidogo, akavua fulana iliyolowa, akaikamua.

"Yuko nyumbani kwake saa hizi," alisema. "Twende kabla hajaondoka kwenda mjini."