Mwezi huu anza hivyo hivyo ulivyo

Dada mmoja alituambia alipita mbele ya mlango wa gym yetu wiki nzima kabla hajaingia. Hakuzuiwa na ada. Aliogopa macho ya watu, na aliogopa kukaa kwenye mashine halafu asijue pini ya kuchagua uzito inachomekwa wapi. Leo anafanya mazoezi hapa, na ofa hii tumeipanga tukiwafikiria wote wanaopita mlangoni kama alivyokuwa akipita yeye.

Ukijiandikisha kuanzia tarehe 1 hadi 20 Machi, hulipi ada ya kujiunga, na wiki 2 za kwanza ni bure. Ndani ya wiki hizo una vipindi 3 vya dakika 45 na kocha, wewe na yeye tu. Zikiisha, ukitaka kuendelea unalipia mwezi. Usipotaka, hudaiwi kitu na hatukusumbui kwa simu.

Siku ya kwanza hupandishwi kwenye mizani wala hupigwi picha. Kocha atakuuliza unaumwa wapi, usingizi ukoje, na unataka mwili ukusaidie kufanya nini: kupanda ngazi bila kuhema, kumbeba mtoto, kukaa kazini kutwa bila mgongo kukaza. Kisha atakurekebishia kiti, atakuonyesha pini, nawe utaanza na uzito unaoweza kuunyanyua mara 10 huku ukiongea. Chuma kirefu kitupu kina kilo 20, kwa hiyo si lazima uanze nacho. Vipo vya kilo 1, na vinatumika kila siku.

Hatutoi ahadi ya tumbo bapa kwa siku 30. Miili haifanani, na mtu anayekuambia ana zoezi la kuyeyusha mafuta ya sehemu moja tu anakudanganya. Tunachokiona mara nyingi wiki za mwanzo ni chuma kilichokuwa kizito kuanza kuwa chepesi, maana mwili hujifunza namna ya kukinyanyua hata kabla misuli haijakua. Misuli ikikuuma siku moja au mbili baada ya kipindi, ni kawaida. Maumivu ya kifua au maumivu makali ya kiungo si kawaida: acha hapo hapo, mwite kocha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku 2. Unaweza kuzigawa kidogo kidogo. Kama una mimba, presha, kisukari au umetoka kufanyiwa upasuaji, muone daktari kwanza, kisha tuambie alichokushauri.

Humu ndani maumbo ya watu hayazungumzwi, hata kwa utani. Kila anayejiunga anaambiwa hivyo.

Vaa raba na nguo yoyote unayoweza kuchuchumaa nayo. Tutumie ujumbe ulioandikwa NIPO, utaje siku na saa inayokufaa. Saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana huwa kumetulia, kama ungependa kuanza pasipo na watu wengi.