Mkeka Mrefu Ndio Unaotangazwa

Siku Coastal Union wakicheza Mkwakwani, vijiwe vya Ngamiani, Tanga, huanza na odi za kubeti kabla ya kikosi. Vijana wanajua bei ya Wagosi kushinda kuliko jina la beki wa kulia. Si kosa lao. Redio, simu na mabango huwapa odi kwanza.

Tuwape kampuni haki yao. Kubeti ni biashara halali, ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003, na mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mwaka 2017 SportPesa ilipoingia Simba na Yanga, ilileta fedha ambazo viingilio vya getini visingefikia. Anayetaka matangazo yafutwe kesho aseme pia nani atalipa mishahara. Hata Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa nembo za kampuni za kubeti kifuani, zikajipa hadi mwisho wa msimu wa 2025/26, na mikono ya jezi haikuguswa.

Tatizo ni bidhaa inayosukumwa zaidi. Bango humwonyesha aliyeweka shilingi 1,000 akazoa malaki, yaani mkeka mrefu wa timu nyingi ambazo zote lazima zishinde. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa. Bei ya haki ni 2.00, tuseme kampuni inatoa 1.85. Kwa mechi moja pengo ni dogo, asilimia 7.5 hivi. Unganisha kumi: odi inafika kama 470, wakati nafasi yako ni moja kati ya 1,024. Kila buku unalotia, kwa wastani linarudi kama shilingi 459. Makato yale yale yamerudiwa mara kumi ndani ya karatasi moja, ndiyo maana hata bonasi huongezeka kadiri unavyoongeza timu.

Halafu kuna ule msemo, "timu moja tu imenichania." Katika mkeka huo, kukosa kwa timu moja kamili kunatokea mara kumi zaidi ya kushinda. Kijana anahesabu amekaribia, kumbe amepata matokeo ya kawaida kabisa. Na anayeijua soka vizuri ndiye hunasa haraka: anadhani kumjua mshambuliaji ni kujua kama bei inafaa, ilhali aliyepanga bei naye alishamwona mshambuliaji huyo.

Bonasi ya kujiunga isomwe kwa maandishi madogo. Ukipewa 5,000 yenye sharti la kuizungusha mara tano, utabeti 25,000 kabla ya kuitoa. Kwa bei zile zile za 1.85, mechi moja moja, utegemee kuacha kama 1,900 njiani. Kwa mikeka mirefu itaisha mapema.

Bango la kijana aliyeweka 1,000 kwenye mechi moja akapata 1,850, akaenda zake kula urojo, hutaliona.