Barua kwa washiriki wa shindano la picha: kwa nini namba 47 imeshika nafasi ya kwanza

Zanzibar, 3 Machi 2025

Ndugu wapigapicha,

Asanteni kwa picha zenu 126. Mimi na waamuzi wenzangu wawili tulizitandika mezani zikiwa zimechapwa, bila majina, na tukashinda nazo siku mbili. Wengi mmeniuliza kwa nini namba 47, mama anayefunga mwani Paje, imeipita namba 12, ngalawa ya Nungwi wakati wa machweo. Swali hilo ni la haki, na nina deni la kulijibu.

Niseme mapema kwamba namba 12 ni nzuri. Tanga limejaa upepo, rangi zimekolea bila kuzidishwa, upeo wa bahari umenyooka. Mwenzangu mmoja aliitaka iwe ya kwanza hadi saa za mwisho, na hoja zake zilikuwa na uzito. Lakini mada yetu ilikuwa kazi ya bahari, na nilipoitazama kwa mara ya tano bado sikujua yule baharia anafanya nini, anatoka au anarudi, amepata au amekosa. Ni umbo jeusi mbele ya jua.

Namba 47 imepigwa saa nne asubuhi, jua kali, saa ambayo wengi wetu hurudisha kamera mkobani. Sasa fikirini: ukanda huu, bamvu likiwa kubwa, maji hutoka kabisa karibu na saa nne. Hiyo ndiyo saa ya mwani. Paje na Jambiani, ambako kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989, akina mama hawawezi kungoja jua lilainike, kwa sababu maji yatakuwa yamesharudi. Nilipokea picha tisa za mwani zenye mwanga wa dhahabu wa jioni. Katika nne, mama amesimama ameshika fungu la mwani na kutazama kamera, maji yakimfika mapajani, na nyuma yake hakuna kamba wala kijiti kinachoonekana. Ni picha za kupendeza, ila kazi yenyewe haimo.

Mpigaji wa namba 47 aliukubali mwanga ule akautafutia njia. Alipiga magoti majini, mita moja tu kutoka kwa mama, kwa lenzi ya milimita 35, f/8, shata 1/640, ISO 100. Kwa kuwa alikuwa chini, mchanga mweupe ulirudisha mwanga juu na kuingia chini ya ukingo wa mtandio. Mahali ambapo saa hiyo huwa pana kivuli kizito machoni, tunaliona jicho, tena limekazia fundo. Mikononi amekunja shada la mwani kwenye kamba. Mdomoni ameng'ata vipande viwili vya taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, ncha zimelowa, kimoja kimeacha alama nyembamba kwenye mdomo wa chini. Hapo ndipo niliponyamaza. Mtu asiyewahi kukanyaga Paje ataelewa kwamba mikono miwili haitoshi kwa kazi hii, na hakuna aliyemwandikia maelezo.

Kasoro zipo. Ndoo ya kushoto imekatwa vibaya, na wingu moja limeungua hadi kubaki jeupe tupu. Tulilijadili wingu hilo kwa muda mrefu. Nilichosema ni kwamba angelinda wingu, angeupoteza uso, na alichagua vyema.

Nafasi ya tatu imekwenda kwa namba 88, mnada wa samaki alfajiri. Hiyo haikutusumbua: mkono wa dalali uliobaki hewani unajieleza.

Picha mbili tumeziondoa. Moja ilipachikwa ndege ambao kwenye faili la RAW hawamo. Ya pili ni ya watoto wanaooga, na aliyeipiga alikiri hakuwaomba wazazi ruhusa. Nimeshazungumza na wahusika faragha, na nawaomba wasikate tamaa.

Kwenu nyote mliopiga mwani: rudini bamvu lijalo, mbele kidogo au nyuma kidogo ya mwezi mpevu. Tokeni na akina mama tangu maji yanapoanza kutoka, waambieni mmekuja kufanya nini, na msiinue kamera saa ya kwanza. Mpigaji wa namba 47 alikwenda mara nne; picha hii ni ya siku ya nne.

Nakala zilizochapwa zinachukuliwa kuanzia Jumatatu, saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Ya namba 47 haimo kwenye bahasha. Mpigaji ameomba nakala hiyo apelekewe mama mwenyewe Paje, na nimeahidi kwenda naye.

Wenu,
Mwamuzi mkuu