Nasimama mwezi mmoja, narudi Jumatano tarehe 1 Julai

Mafundi wangu, wateja wangu, na nyote mnaofuatilia kurasa hizi, habari zenu. Poleni na pilikapilika za Idi. Najua wengi wenu mlishona mpaka usiku wa manane na cherehani zimepumzika juzi tu.

Kuanzia Jumatatu tarehe 1 Juni 2026 sitapandisha chochote, iwe YouTube, Instagram au TikTok. Hakutakuwa na laivu ya Alhamisi, hakutakuwa na stori, na meseji zenu sitazijibu. Narudi Jumatano tarehe 1 Julai saa 1 jioni, na video ya kwanza itakuwa ya kukata kola ya shati la kiume, ile mliyoniomba kwa muda mrefu.

Sababu ni mama. Anafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na mimi ndiye nitakayekaa naye nyumbani Muheza. Operesheni yenyewe ni fupi, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake siku hiyohiyo. Kazi inaanzia hapo. Kuna matone ya kuweka jichoni mara kadhaa kwa siku, kwa wiki kama nne. Asilisugue jicho, asibebe ndoo, asiinamie jiko la kuni moshi ukampiga usoni. Mama yangu ni mtu wa kuamka alfajiri na kuinjika chai mwenyewe. Ukimwambia akae, anakaa mpaka utakapogeuka. Lazima mtu awepo. Na ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Siku hizi akitunga uzi hupapasa kwanza tundu la sindano kwa kucha, halafu anaubahatisha uzi hapo hapo, mara tatu, mara nne, mpaka upite. Nataka akifunguliwa lile jicho niwe mbele yake, wala sitaki simu iwe kwenye stendi nikirekodi.

Nilipowadokeza wenzangu wanaofanya kazi hii hapa Dar, jibu lilikuwa moja: utaiua peji. Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda, na najua kati yenu wapo wanaoendesha kurasa za biashara wanaoogopa hata kuugua kwa sababu hiyo. Kwa hiyo niseme ninavyolielewa jambo hili, maana hofu yake imetutesa wengi.

Tuanze na Instagram, ambako maumivu ndiyo makubwa. Tangu 2016 machapisho hayapangwi kwa saa yaliyotoka. Mtandao unakisia utakachotaka kuona kwa kuangalia uliowafungulia, uliowapendea na uliowajibu hivi karibuni. Stori ni hivyo hivyo: vile viduara vya juu vinapangwa kwa mazoea yako, na stori yenyewe huisha baada ya saa 24. Ukikaa mwezi mzima hujafungua duara langu kwa kuwa halipo, wengine watakuwa wameshakaa pale nilipokuwa. Nikirudi, siku za kwanza nitakuwa mbali kule kulia, na wengi wenu hamtaniona. Nalijua hilo na nimelikubali.

Ila kuna kitu kinachowatisha watu bure, nacho ni ule ukurasa wa takwimu. Mara nyingi unapoufungua unaonyesha siku 30 zilizopita. Usipochapisha kwa mwezi, mstari wa akaunti ulizofikia unashuka hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyekuacha, kwa sababu hakuna kipya cha kumfikia mtu. Mwenye peji anauona mstari ule, moyo unamwenda mbio, anaamini ameadhibiwa. Anachokiona ni hesabu ya kawaida: hukupika, watu hawakula. Adhabu ni jambo jingine kabisa, hiyo hutolewa kwa aliyevunja masharti.

TikTok wenyewe walieleza mwaka 2020 jinsi ule ukurasa wa For You unavyofanya kazi, wakasema idadi ya wafuasi, au kama akaunti iliwahi kuwa na video kubwa, si vigezo vya moja kwa moja katika kupendekeza video. Kila video inapimwa kwa jinsi watu wanavyoitazama. Ndiyo maana mgeni kabisa anaweza kupasuka leo, na ndiyo maana pia aliyepumzika anaweza kurudi na video nzuri ikatembea.

YouTube ndiko roho yangu ilikotulia. Susan Wojcicki, aliyekuwa mkuu wa YouTube wakati huo, aliandika barua kwa waandaaji Novemba 2019 akasema waliangalia chaneli zilizopumzika, kuanzia siku 6 hadi siku 150. Kwa wastani zilikuwa na watazamaji wengi ziliporudi kuliko zilipokuwa zinaondoka. Wastani ni wastani, si ahadi kwa kila mtu, na siwezi kuapa kwamba nitakuwa upande mzuri. Lakini kuna jambo ninaloliona mwenyewe kwenye chaneli yetu: video za mafundisho hazizeeki kama habari. Mtu anayetaka kukata sketi ya solo leo ataandika hivyo kwenye kutafuta, na ataipata ile yetu ya zamani, niwepo au nisiwepo. Hela ya matangazo ya video hizo itaendelea kuingia kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi kama ilivyo desturi yao. Wanaotishana kwamba ukinyamaza wiki mbili unafutiwa malipo wafahamu kwamba kanuni ya YouTube inataja miezi sita au zaidi bila kupandisha video wala kuandika chapisho kwenye chaneli.

Kinachonisumbua kwa kweli ni mazoea ya watu. Kuna dada aliyezoea kwamba Alhamisi jioni, watoto wakishakula, anatandika kitambaa mezani na kuniwasha. Kwa Alhamisi nne hatanikuta. Atatafuta fundi mwingine, atampata, maana mafundi wazuri ni wengi, na huenda akabaki huko. Hakuna algoridhimu ya kulaumu hapo. Dada, kama unasoma hapa, nenda kajifunze kwa huyo mwingine kwa moyo mweupe, na Julai nikukute umenizidi.

Wengi mmeshauri nirekodi video za akiba zijipandishe zenyewe, au nirudie vipande vya zamani ili peji isipoe. Nimekataa, na nataka mnielewe. Kwanza, vipande vya kurudia watu huvipita kwa kidole bila kusimama, na mitandao yote hii husoma kidole kile. Kuchapisha kitu ambacho watu hawakitaki kunawafundisha kunipita, na hilo naliogopa zaidi ya kimya. Pili, kazi yangu haiishi video inapotoka. Wiki iliyopita kuna mtu aliandika, "Fundi, kiuno 32, nimeshakunja kitambaa mara nne, napima ngapi kutoka kwenye kona?" Alikuwa na mkasi mkononi. Kwa solo kamili unagawa kiuno kwa 6.28, unapata inchi 5 na kidogo. Yeye alikuwa anataka kuweka 8, kwa kuwa 32 ukiigawa kwa nne unapata 8. Angekata pale, kiuno kingetoka inchi 50, na kitenge kile kingekuwa cha kutolea vitambaa vya kichwani. Nilimjibu kabla hajakata. Nikiacha video ijipandishe yenyewe halafu nisiwepo kujibu, nani atamlipia yule kitambaa chake? Hela ya kitenge kizuri Kariakoo mnaijua.

Kuhusu matangazo: tulikuwa na makubaliano ya mwezi Juni na duka moja la vitambaa, nimeyasogeza mbele. Nimewaambia wenye duka waziwazi kwamba wiki za kwanza za Julai watu watakaofikiwa watakuwa wachache, na bei tutakubaliana kufuatana na hali hiyo. Nawashauri na ninyi mnaotangazia watu mfanye hivyo. Mfanyabiashara akigundua mwenyewe, hatarudi.

Kibandani Mbagala mdogo wangu yupo. Nguo zote zilizokwisha kupimwa mtazichukua kwake, na sare za shule za wanaofungua Julai anazipokea yeye, ila magauni ya harusi hapokei mpaka nirudi. Mwenye haraka ya harusi ya Juni anisamehe. Nimemwachia majina ya mafundi wawili wa jirani ambao kazi yao naiamini kama yangu.

Jambo ambalo tafadhali mlisome mara mbili: mwezi huu nikiwa kimya, kutakuwa na watu watakaotumia picha yangu. Imeshawatokea wengine. Wanafungua akaunti yenye jina linalofanana, wanakuandikia kwamba fundi yuko hospitalini na mama, tuma chochote kwenye namba hii. Au kwamba kuna darasa la kushona kwa punguzo, lipia leo nafasi zinaisha. Sitaomba mchango, sitauza darasa, sitamwandikia mtu meseji hata moja kuanzia tarehe 1 hadi 30 Juni. Ukipata meseji ya namna hiyo, hata ikiwa na sauti inayofanana na yangu, ripoti akaunti ile na usitume hata mia.

Nimeulizwa mnaweza kunisaidiaje peji isishuke. Sitawaomba mpende video msizozipenda. Kama una kazi ya kushona mwezi huu, tafuta video ya kazi hiyo kwenye chaneli yetu, itazame ukishona, na ukikwama andika swali lako chini ya video hiyohiyo. Humo ndani kuna mafundi wazoefu, jibizaneni. Nimewaona mkifanya hivyo na inanifurahisha sana. Tarehe 1 Julai nitayasoma yote kabla ya kupandisha kipya. Na ili msinikose nikirudi: YouTube gusa kengele uchague All. Instagram niweke kwenye Favorites, au fungua upande wa Following, ambako machapisho yanakuja kwa mpangilio wa muda na hakuna anayekuchagulia.

Kwa ajili ya kola, anzeni kuandaa. Kila mtu awe na shati moja la kiume la zamani lililomkaa vizuri mwenye nalo, tutalipima bila kulifumua. Tafuteni yadi mbili na nusu za kitambaa cha pamba kisichovutika, na kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola kinachogandia kwa pasi. Ukienda Mtaa wa Kongo waambie unataka chepesi, maana kizito kinaifanya kola isimame kama karatasi. Kitambaa cha shati kilowekeni na kukianika kabla, kirudi kama kina kurudi. Tukutane siku hiyo saa 1 jioni, pasi ikiwa ya moto.

Fundi wenu, Mbagala