Tunachaji simu kwa sola: hotuba ya dakika tatu mbele ya majaji

Majaji wetu, na nyie wenzangu mnaosubiri zamu zenu, habari za mchana. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha vibanda vya kuchaji simu kwa sola, sehemu ambazo nguzo ya umeme haijafika, au imefika lakini umeme wenyewe ni wa kubahatisha.

Simu ikiishiwa chaji sehemu kama hizo kinachokatika si maongezi tu. Pesa za mtu ziko humo kwenye simu, wateja wake wako humo, tochi ya usiku ni hiyohiyo, na mtoto akizidiwa usiku wa manane hiyo simu ndo inaita usafiri. Duniani bado kuna watu zaidi ya milioni 600 ambao hawana umeme nyumbani na wengi wao simu wanazo, yaani simu imewafikia kabla ya nguzo. Sasa wanachaji wapi? Wanatembea mpaka kwenye duka lenye jenereta, simu inachomekwa kwenye ekstensheni moja na nyingine kibao, mwenye duka akiona mafuta yanaelekea kuisha anazima, unarudi jioni unaikuta asilimia 40 na hela ulishalipa. Au huikuti kabisa.

Ukikaa na hawa wateja ukawasikiliza, bei wanaitaja mwishoni. Cha kwanza ni hofu ya kuibiwa, cha pili ni yale masaa ya kukaa bila simu huku hujui nani kakutafuta. Biashara yetu yote imesimama juu ya hayo mawili, na hapo ndo tunapotofautiana na mtu aliyeweka paneli juu ya bati akatundika waya nje.

Kibanda chetu kina vijisanduku 24 vya chuma, kila kimoja na waya wake na kufuli lake. Unaweka simu, unafunga, unaondoka na funguo. Mhudumu hana funguo ya pili. Ya akiba anayo msimamizi wa eneo, na hata yeye hafungui mpaka mwenye simu awepo na simu iite kwa namba aliyoandikisha. Na kwa yule ambaye hawezi kabisa kuachana na simu, dereva, wakala wa pesa, mkunga, tunamkodishia paua benki iliyojaa, anaacha amana, anaenda na kazi zake, kesho anairudisha anachukua nyingine. Hii huduma ya kukodi tuliianza kama nyongeza tu, lakini sasa hivi ndo inakua haraka kuliko kitu chochote tunachofanya.

Niguse ufundi kidogo maana najua mtaniuliza. Juu ya kibanda kuna paneli mbili za wati 400. Kwa siku yenye jua la kama masaa matano kamili hizo zinatoa wati-saa 4,000, na mimi hesabu zangu huwa natoa asilimia 30 nzima kwa ajili ya vumbi, joto na upotevu wa njiani, inabaki 2,800. Simu janja yenye betri ya miliampea-saa 5,000 ikiwa tupu kabisa inakula kama wati-saa 25 hadi ijae, kwa hiyo kibanda kimoja kina uwezo wa simu janja zaidi ya 100 kwa siku. Kitochi kinakula sehemu ndogo tu ya hiyo, ndo maana tuna bei mbili. Mwenye kitochi kulipa sawa na mwenye simu janja si haki, tumekataa hilo tangu mwanzo.

Halafu inveta hatuna, tumeitoa makusudi. Paneli inatoa umeme mnyoofu, betri inatunza umeme mnyoofu, simu nayo inataka huohuo, sasa kwa nini uugeuze uwe wa ukutani halafu chaja iugeuze tena kuurudisha ulivyokuwa? Kila ukigeuza unapoteza. Sisi tunatoka kwenye betri ya volti 12 tunashusha moja kwa moja mpaka volti 5 za simu, na ukitoa inveta umepunguza pia kifaa kimoja ambacho fundi wake yuko mbali. Betri ni ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, si ile ya asidi ya gari. Bei yake mwanzoni inauma, sikatai, lakini unaijaza na kuitumia zaidi ya mara 2,000, ambayo kwa matumizi ya kila siku ni zaidi ya miaka mitano, wakati ile ya gari ukiikamua hivyo kila siku ndani ya mwaka au miwili umeshaitupa. Na paneli zenyewe bei imeporomoka, tangu 2010 imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo kitu ambacho zamani kilihitaji mfadhili leo kinaweza kujilipa chenyewe.

Kinajilipaje? Vibanda vitatu vinafanya kazi sasa hivi. Mhudumu anachukua asilimia 40 ya mauzo ya siku, hatumlipi mshahara, na wengi wao ni kinamama waliokuwa na genge au uwakala palepale, watu wanawajua kwa majina. Hilo la kujulikana nalipa uzito kuliko paneli. Kampuni inachukua 60, humo kuna matengenezo, akiba ya betri mpya, na marejesho ya mtaji. Kibanda kikipata wateja 60 kwa siku kinarudisha gharama zake ndani ya miezi 14. Msimu wa mvua kinashuka, hiyo lazima niwaambie, siku za mawingu mfululizo tunatanguliza paua benki na vitochi, simu janja tunazijaza nusu kwa nusu bei.

Swali ambalo naliona machoni kwenu: umeme ukifika je? Ukifika tunahama. Kibanda kiko kwenye magurudumu, paneli zinakunjwa, siku moja inatosha kukivuta mpaka senta inayofuata. Na sehemu ambazo umeme umefika lakini unakatika kila mara, mauzo yetu makubwa yanakuja siku ileile ya kukatika. Kuhusu watu kununua sola zao za nyumbani, wanunue, tena sisi wenyewe tunataka kuanza kuwauzia kwa malipo kidogokidogo, maana mteja wa kibandani tunajua analipa lini na kwa uaminifu gani, taarifa ambayo hakuna benki inayo.

Ninachoomba ni mtaji wa vibanda kumi. Nusu yake inaenda kwenye betri, robo kwenye paneli na vyuma, inayobaki ni kufundisha wahudumu na kumwajiri fundi mmoja wa kudumu mwenye pikipiki na spea, kwa sababu kibanda kikizima siku mbili mteja anarudi kwenye jenereta na kumrudisha ni kazi. Kwanini kumi? Kwa vibanda vitatu betri tunanunua kwa bei ya rejareja, kwa kumi tunaagiza jumla na ule muda wa miezi 14 unapungua. Sehemu za kuviweka tumeshaongea na viongozi wa maeneo nane, mbili bado tunajadiliana kuhusu kiwanja. Mkitupa mtaji huu, hapa mbele yenu naahidi kuwaletea daftari la mauzo ya kila kibanda kila mwezi, kizuri na kibaya, bila kuchuja.

Kibanda kimoja tumekuja nacho, kipo hapo nje karibu na geti, mhudumu wake yupo na vijisanduku viko wazi. Mwenye simu inayokaribia kuzima aende akaiweke, achukue funguo yake. Karibuni kwa maswali.